Phishing: asili ya neno na namna ya kuitambua barua ya chambo

Phishing ni ulaghai ambamo mtu hutuma barua pepe akijifanya benki, mwajiri au huduma ambayo mpokeaji anaitumia, ili mpokeaji huyo atoe mwenyewe nenosiri lake, namba ya kadi au msimbo wa uthibitisho. Hapa ndipo unapotofautiana na udukuzi wa kuvunja mfumo: hakuna mlango uliovunjwa, bali mwenye nyumba amekabidhi ufunguo akidhani anampa mtu anayemfahamu. Kwa Kiswahili wengine huuita hadaa, wengine wizi wa data binafsi.

Neno lenyewe hutamkwa sawasawa na neno la Kiingereza la uvuvi wa samaki, ila herufi f ya mwanzo imebadilishwa kuwa ph. Tahajia hiyo ilirithiwa kutoka kwa wadukuzi wa simu wa Marekani wa miaka ya 1970, ambao waliihadaa mitambo ya simu kwa milio maalumu ili wapige bila kulipa, na ambao jina la mchezo wao liliandikwa kwa ph kama neno la Kiingereza la simu. Katikati ya miaka ya 1990, walaghai waliwaandikia wateja wa AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, ujumbe wa papo kwa papo, wakijiita wafanyakazi wake na kuwataka wathibitishe manenosiri yao. Ilikuwapo hata programu, AOHell, iliyoifanya kazi hiyo kwa wingi. Mfano wa uvuvi unaeleza vizuri hesabu ya mlaghai: chambo hurushwa kwa maelfu, naye hahitaji zaidi ya wachache watakaomeza ndoana.

Wengi tulifundishwa kuitambua barua ya aina hii kwa makosa ya lugha. Kigezo hicho sikiamini tena, kwa kuwa mlaghai anaweza kunakili barua halisi ya benki, nembo na maneno yake yote. Jina la mtumaji linaloonekana juu ya barua nalo si ushahidi, maana huandikwa na mtumaji mwenyewe apendavyo. Kitu ambacho mlaghai hawezi kukighushi kwa urahisi ni jina la kikoa, yaani jina la tovuti ambayo kiungo kinaelekea, na ndilo linalostahili kusomwa kwa makini.

Tuchukue kwamba benki yako hutumia kikoa `example.com`, nawe umepokea barua isemayo kuwa akaunti yako itafungwa baada ya saa 24 usipoihakiki. Usibofye, weka kishale juu ya kitufe, au kwenye simu kibonyeze na kukishikilia, mpaka anwani kamili ionekane:

```
https://example.com.uhakiki.test/ingia
```

Jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto hukutana kwanza na jina la benki na kutosheka. Lakini mwenye kikoa hujulikana kwa kusoma kinyume. Tafuta mkwaju `/` wa kwanza baada ya `https://`, kisha rudi kushoto na uchukue sehemu mbili za mwisho kabla ya mkwaju huo: hapa ni `uhakiki.test`. Huyo ndiye mwenyeji wa ukurasa. Maneno yote yaliyo kushoto kwake, pamoja na `example.com`, mwenye kikoa anaweza kuyaongeza bila kumwomba mtu ruhusa. Pale ambapo mwisho wa kikoa una sehemu mbili, kama `co.uk`, utachukua sehemu tatu badala ya mbili.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari haibadilishi hukumu hiyo. Huonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamesimbwa, hata kama tovuti ni ya mwizi. Dalili bora zaidi hutolewa na programu ya kuhifadhi manenosiri, kwa sababu hulinganisha kikoa herufi kwa herufi. Ikiwa kwa kawaida programu hiyo hukujazia nenosiri la benki na leo imenyamaza, simama uchunguze. Msimbo unaotumwa kwa simu nao hautoshi kukulinda, maana ukurasa bandia unaweza kuupokea na kuupeleka kwenye tovuti halisi papo hapo, kabla muda wake haujaisha.

Kipimo cha kikoa kina mpaka wake. Akaunti ya mwenzako wa kazini ikishatekwa, barua itatoka kwenye anwani yake ya kweli, pengine ikiendeleza mazungumzo mliyokuwa nayo jana, na kiungo kinaweza kuelekea kwenye huduma halali ya kuhifadhi faili. Hapo kinachobaki cha kupima ni ombi lenyewe: je, linadai nenosiri, malipo au mabadiliko ya namba ya akaunti ya benki? Likidai hivyo, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa ndani ya barua.