Barua ya ruhusa ya msiba: taja siku, taja atakayeshika kazi

Barua nyingi za msiba zinazofika katika ofisi za rasilimali watu husimulia ugonjwa kirefu, kisha humalizia na "naomba siku kadhaa". Msimamizi anaisoma, anasikitika kwa dhati, lakini hana cha kutia saini. Inabidi ampigie simu mfiwa akiwa ndani ya basi, amuulize siku ngapi na funguo kamwachia nani. Hilo ndilo la kumwepusha mfiwa.

Kwanza, ujue unaomba nini. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi kwa mama na ya baba aliyepata mtoto. Likizo ya msiba haimo. Siku hizo hutoka katika mkataba wako au kanuni za mwajiri, na hutofautiana kazini hadi kazini. Zisipotosha, zinazobaki huombwa kutoka likizo ya mwaka, ambayo sheria inaipima kwa siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi.

Tuchukue mfano wa karani wa mishahara aliyeko Kampala, aliyefiwa na baba yake Jumatatu tarehe 8. Mazishi ni Alhamisi, kijijini karibu na Arua, safari ya karibu kilomita 500. Mkataba wake unampa siku tatu za msiba. Barua yake ya kwanza ilikuwa na ukurasa mzima: baba alivyoanza kuumwa, hospitali alizopitia, wajibu wa kifungua mimba, na maombi ya kusamehewa kwa usumbufu. Kuhusu kazi kulikuwa na sentensi moja tu: "Kazi zangu wenzangu watanisaidia."

Baada ya kuirekebisha ikawa hivi:

"Mheshimiwa Meneja,

Baba yangu mzazi amefariki leo asubuhi. Mazishi ni Alhamisi tarehe 11, nyumbani kwetu karibu na Arua.

Naomba likizo ya msiba ya siku tatu, Jumanne tarehe 9 hadi Alhamisi tarehe 11, pamoja na siku moja ya likizo ya mwaka, Ijumaa tarehe 12, kwa ajili ya safari ya kurudi. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 15.

Mishahara imeshalipwa. Kilichobaki ni kuwasilisha kodi ya PAYE na michango ya NSSF, ambayo mwisho wake ni tarehe 15. Mhasibu msaidizi amekubali kukamilisha yote mawili ifikapo Ijumaa. Majedwali yamo katika faili la pamoja la mishahara. Malipo yatahitaji idhini yako.

Nitapokea simu za dharura jioni, isipokuwa siku ya mazishi."

Angalia aya ya tatu, maana ndiyo inayobeba barua. Karani angeweza kujiambia kwamba tarehe 15 atakuwa amesharudi. Lakini basi likichelewa au ukoo ukisogeza mazishi, makato ya wafanyakazi wote yangechelewa. Ndiyo maana kazi imewekwa iishe Ijumaa, si Jumatatu. Tena aliyetajwa ameulizwa na akakubali. Ukiandika jina la mtu asiyejua, kazi hiyo haina mwenyewe. Na kukabidhi si kugawa nywila: mwenzako aingie kwa akaunti yake, na kama hana ruhusa ya mfumo, mwombe meneja ampe kabla hujaondoka.

Historia ya ugonjwa imeondolewa yote. Msiba haupungui uzito kwa kutajwa kwa sentensi moja, na mfiwa hadaiwi maelezo ya namna mzazi wake alivyokata roho. Samahani nazo zimetoka. Kuzika mzazi si kosa la kuombewa msamaha.

Uhusiano uandikwe kama ulivyo. Kanuni nyingine huhesabu wazazi, mwenzi na watoto tu, ilhali kwetu baba mdogo ni baba. Andika "baba yangu mdogo, aliyenilea", meneja aamue akijua ukweli. Ukiandika "baba mzazi", siku atakapofariki mwenyewe utaandika nini?

Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ileile, hivyo ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe na jina la atakayeshika kazi unatosha kukuwezesha kuondoka. Barua ifuate ukirudi. Kwa wenye shughuli ya kumaliza msiba, kama okwabya olumbe kule Buganda ambayo huja baadaye, usiichanganye na maombi ya mazishi. Iombee likizo ya mwaka tarehe ikishapangwa.

Mazishi yakisogezwa, usisubiri siku ya kurudi ipite. Tuma ujumbe siku hiyohiyo: "Mazishi yamehamia Jumamosi tarehe 13. Naomba kuongezewa Jumatatu tarehe 15 kutoka likizo ya mwaka. Nitaripoti Jumanne tarehe 16. PAYE na NSSF bado zinakamilishwa Ijumaa na mhasibu msaidizi. Nimezungumza naye leo."