Kuhamisha video kwa rsync: dhana potofu kuhusu tarehe na uhakiki

Chukulia mpiga video za harusi mwenye terabaiti 3 za kazi kwenye diski ya zamani, anayetaka kuzihamishia kwenye diski mpya ya terabaiti 8 kwa kutumia rsync, programu ya kunakili faili, kwenye kompyuta ya Linux. Diski zote mbili zina mfumo wa faili wa ext4. Ya zamani inaonekana kwenye `/mnt/zamani`, mpya kwenye `/mnt/mpya`. Kamera huzipa faili majina yasiyosema lolote, kwa hiyo tarehe ndiyo njia yake ya kujua video ipi ni ya harusi ipi. Tarehe zikipotea, video zipo lakini hazitafutiki. Dhana zifuatazo ndizo zinazowagharimu watu katika kazi ya namna hii.

## Dhana: rsync huhifadhi tarehe yenyewe

Haihifadhi mpaka uiambie. Ukiandika `rsync -r` peke yake, kila faili kwenye diski mpya itakuwa na tarehe ya leo. Kinachobeba tarehe ni `-t`, na hicho kimo ndani ya `-a`, pamoja na vingine vinavyobeba ruhusa, mmiliki na viungo vya faili. Amri ya kuanzia ni hii:

```
findmnt /mnt/mpya
rsync -a --info=progress2 \
  --log-file="$HOME/kuhama.log" \
  /mnt/zamani/Video/ /mnt/mpya/Video/
```

Mstari wa kwanza usiuruke. Kama diski mpya haijaunganishwa kwenye folda hiyo, `findmnt` haitaonyesha kitu. Ukiendelea hivyo hivyo, na kama una ruhusa ya kuandika hapo, rsync itaijaza diski ya mfumo wa kompyuta mpaka ikose nafasi.

Tarehe ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. rsync inapoamua kama faili inahitaji kunakiliwa, kwa kawaida haisomi yaliyomo. Hulinganisha vitu viwili tu: ukubwa, na tarehe ya mwisho ya kurekebishwa. Vikilingana, inairuka. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya kazi unarudia amri ileile, na faili zilizokwisha kunakiliwa zinapitwa papo hapo. Sasa fikiria ulianza bila `-t`. Ukirudia amri, ukubwa utalingana lakini tarehe hazitalingana, na rsync itanakili kila kitu upya. Kwa diski ya kawaida inayozunguka, yenye kasi ya kama megabaiti 120 kwa sekunde, terabaiti 3 ni karibu saa 7. Saa hizo zote zinarudiwa.

Aliyekwisha kunakili bila tarehe hana haja ya kufuta na kuanza upya, ila asikimbilie `-a` peke yake. Aandike `rsync -a --checksum` pamoja na njia zilezile. Hapo rsync itasoma yaliyomo pande zote mbili, itakuta yanafanana, na itarekebisha tarehe tu bila kuandika video tena. Kusoma nako kunachukua saa nyingi, lakini unapata uhakiki humohumo.

Tarehe za folda huwekwa baada ya yaliyomo ndani yake kukamilika. Ukikatiza kazi ukakuta folda zina tarehe ya leo, usihangaike: rudia amri iishe yenyewe.

## Dhana: tarehe ni moja

Video moja inaweza kuwa na tarehe tatu. Kuna ya kurekebishwa, ambayo `-t` huihifadhi. Kuna ya kuzaliwa kwa faili kwenye diski husika; Linux haitoi njia ya kawaida ya kuipanga, hivyo kwenye diski mpya itakuwa siku ya kuhamisha, na hilo si kosa la amri yako. Ya tatu ni ile ambayo kamera imeiandika ndani ya faili yenyewe, kama `creation_time` katika MP4. Hiyo ni sehemu ya yaliyomo, na rsync haiigusi kabisa.

Kwa hiyo programu ya kuhariri ikionyesha saa iliyopishana kwa saa 3 na ile ya kwenye folda, usiilaumu rsync kwanza. MP4 imekusudiwa kuandika saa ya UTC, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Kamera nyingine huandika saa ya ukutani bila kuibadilisha. Fungua faili ileile kwenye diski ya zamani. Utakuta tofauti hiyohiyo.

## Dhana: mkwaju mwishoni mwa njia ni pambo

`/mnt/zamani/Video/` ina maana ya vilivyomo ndani ya Video. `/mnt/zamani/Video` bila mkwaju ina maana ya folda yenyewe, nayo itatua kama `/mnt/mpya/Video/Video`. Hatari inakuja pale mtu anapoanza kwa namna moja na kurudia kwa nyingine: anapata nakala mbili za maktaba nzima na diski inajaa. Ongeza `-n` kwenye jaribio la kwanza, pamoja na `-i`, usome mistari michache ya mwanzo. Kwa `-n` hakuna kinachoandikwa.

## Dhana: `-a` inafaa kwa diski yoyote

Inafaa kwa ext4 kwenda ext4. Diski mpya ikiwa na exFAT, kama zinavyouzwa nyingi ili zisomeke Windows na Mac, hakuna mahali pa kuhifadhi mmiliki wala ruhusa za Linux. rsync itajaribu, itashindwa, na itajaza skrini na `Operation not permitted`. Video zenyewe zitafika. Ubaya ni kwamba maelfu ya mistari isiyo na madhara huficha ule mmoja wenye madhara, kwa mfano faili iliyoitwa `Harusi 10:30.mp4` iliyokataliwa kwa sababu exFAT hairuhusu nukta mbili kwenye jina. Kwa diski hiyo tumia `-rt --modify-window=1`. Hicho cha mwisho huvumilia tofauti ya sekunde moja kwenye tarehe, kwa kuwa mifumo ya jamii ya FAT haihifadhi saa kwa usahihi wa ext4. FAT32 iache kabisa: haibebi faili inayofika gigabaiti 4, na video ndefu ya sherehe hupita hapo mapema.

## Dhana: rsync ikimaliza bila kosa, nakala imehakikiwa

Dhana hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya. Wakati wa kunakili, rsync hukokotoa hesabu ya uhakiki ya kila faili inayosafirishwa, yaani namba inayotokana na kila baiti, na kuilinganisha pande mbili. Lakini upande wa kupokea hukokotoa kwa data iliyopokelewa, ikiwa inaelekea kuandikwa. Hairudi kuisoma kutoka kwenye diski. Kebo mbovu ya USB au kasha la diski lenye hitilafu likiharibu baiti baada ya hapo, rsync haina habari.

Kurudia amri ya `-a` na kuona haikunakili chochote hakuthibitishi zaidi, maana safari hiyo ililinganisha ukubwa na tarehe tu. Vyote viwili vinaweza kuwa sawa ilhali katikati ya video kuna sehemu iliyoharibika. `du` nayo ni kipimo dhaifu: hutaja nafasi iliyochukuliwa kwenye diski, ambayo hubadilika kati ya mfumo mmoja wa faili na mwingine hata yaliyomo yakiwa yaleyale.

Uhakiki wa kweli unadai kusoma diski mpya yenyewe. Baada ya kunakili, Linux hubakiza kwenye RAM sehemu ya mwisho ya data iliyoandika. Ukihakiki papo hapo, faili za mwisho huenda zikasomwa kutoka RAM badala ya diski. Kwa hiyo ondoa diski kwanza kwa `umount /mnt/mpya`, subiri amri imalize, chomoa, kisha unganisha upya. Halafu:

```
rsync -anci --delete \
  /mnt/zamani/Video/ /mnt/mpya/Video/
```

`-c` inalazimisha kusoma kila faili pande zote mbili, `-i` inaeleza tofauti, na `--delete` hapa inataja faili zilizozidi upande mpya. Kinachoifanya amri hii iwe salama ni `-n`. Ukiisahau, faili hizo zilizozidi zitafutwa kweli. Tenga tena saa 7 au zaidi, na usishtuke skrini ikikaa kimya muda mrefu.

Isipochapisha mstari wowote wa faili wala wa kosa, pande mbili ni sawa, tarehe zikiwemo. Ikichapisha, soma herufi za mwanzo:

```
>f+++++++++ Harusi/C0012.MP4
.f..t...... Harusi/C0013.MP4
>fc........ Harusi/C0014.MP4
```

Ya kwanza haipo kwenye diski mpya. Ya pili ina yaliyomo sawa lakini tarehe tofauti, na `rsync -a` inatosha kuirekebisha ikiwa na `-c`. Ya tatu ndiyo ya kuogopwa: ukubwa na tarehe ni sawa, yaliyomo si sawa. Usikimbilie kunakili juu yake. Endesha `sha256sum`, amri inayokokotoa hesabu ya uhakiki, kwa faili hiyo mara mbili kwenye kila diski, ukiondoa na kuunganisha diski kati ya mara ya kwanza na ya pili. Diski ikitoa majibu mawili tofauti kwa faili moja, tatizo liko njiani: kebo, kasha au RAM. Badilisha kebo kwanza, ni rahisi kuliko vyote. Majibu yakiwa thabiti kila upande lakini yakapishana kati ya diski, cheza video zote mbili uone ipi ina kasoro kabla ya kuamua ipi ibaki.

Mstari wenye `Input/output error` kutoka upande wa kusoma ni habari nyingine: diski ya zamani inakufa. Acha kurudia rsync juu yake. `ddrescue` imeundwa kwa hali hiyo. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia zilizoshindikana baadaye.

## Dhana: `--remove-source-files` huokoa muda

Hufuta kila faili ya zamani mara inapofika, kabla ya uhakiki wowote uliotajwa hapo juu. Ukija kuona `>fc` hakutakuwa na cha kulinganisha nacho. Tena hata mstari huo hautatokea. Diski ya zamani ibaki kama ilivyo mpaka uhakiki uishe, na kabla ya kuifuta tengeneza orodha ya hesabu zake:

```
cd /mnt/zamani/Video
find . -type f -print0 | xargs -0 sha256sum \
  > "$HOME/video.sha256"
```

Baadaye, hata mwaka ukipita, ingia `/mnt/mpya/Video` na uandike `sha256sum --quiet -c "$HOME/video.sha256"`. Itataja tu faili zisizolingana au zisizofunguka. Faili ikitajwa ilhali tarehe yake haijabadilika na hakuna aliyeihariri, data imeharibika kwenye diski. Rsync ya kila siku isiyo na `-c` isingeliona hilo, na kwa sababu hiyohiyo isingeipeleka video iliyoharibika juu ya nakala nzima uliyo nayo kwingine.