Mtoto anayeelewa lugha ya nyumbani lakini haisemi

"Mwanangu ana miaka saba. Nazungumza naye Kiswahili tangu azaliwe na anaelewa kila kitu, ila ananijibu kwa lugha ya shuleni tu. Mbona naambiwa lugha itampotea, wakati anaelewa yote?"

Kwa sababu kuelewa na kusema ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya kwanza ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Chukua swali la kawaida kabisa: "Hujakirudisha kile kitabu?" Mtoto akidaka "kitabu" na "rudisha" tu, akaangalia unakotazama na kukumbuka kwamba jana alikuwa na kitabu cha mwenzake, ameshamaliza kazi. Zile silabi ndogo zilizobebana mbele ya kitenzi zimempita bila yeye kuzihitaji. Wewe unaona ameelewa, na kweli ameelewa.

Sasa ajaribu kujibu: "Bado sijakirudisha." Hapo hakuna cha kukisia. Lazima ajue kwamba kukanusha kwa "mimi" ni "si", si "ha" wala "hu". Kwamba "ja" inakaa baada yake. Kwamba kitabu kinarejelewa kwa "ki", na hiyo "ki" inatangulia mzizi wa kitenzi. Vipande vinne, kwa mpangilio mmoja, katika muda mfupi sana. Uwezo huo haujengwi na masikio. Unajengwa kwa kusema, kukosea, kusikia namna sahihi na kusema tena, mara nyingi mno, mpaka ulimi ufanye bila kufikiri. Mtoto anayejibu kwa lugha nyingine amefanya mazoezi hayo yote, lakini katika lugha hiyo nyingine.

Kusikia peke yake kunaacha nini basi? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 na Terry Au na wenzake unasaidia hapa. Walichukua wanafunzi wa chuo waliosikia Kihispania utotoni bila kukizungumza sana, ambao sasa walikuwa wanajifunza lugha hiyo darasani, wakawalinganisha na wenzao walioanza kuisikia baadaye sana, baada ya utoto. Wale waliosikia utotoni walikuwa na matamshi yaliyokaribia sana ya wazawa. Katika sarufi, hata hivyo, hawakuwazidi wenzao. Kwa hiyo mtoto wako habaki mtupu. Anabaki na sauti za lugha, na hiyo ni hazina ya kweli, lakini mpangilio wa sentensi anaweza kulazimika kuutafuta upya.

Tena si jambo la nyumba chache. Mtafiti Annick De Houwer alikusanya majibu ya familia 1,899 za Flanders, Ubelgiji, ambako angalau mzazi mmoja alizungumza lugha isiyo Kiholanzi, ambacho ndicho lugha ya huko. Alipochapisha matokeo mwaka 2007, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa haizungumzi lugha hiyo. Nyumba zilizofaulu zaidi ni zile ambako wazazi wote wawili waliitumia, na Kiholanzi kikatumiwa na mzazi mmoja tu au kisitumike kabisa.

Lakini kwangu mimi, jambo kubwa liko katika zile sekunde mbili baada ya mtoto kujibu. Elizabeth Lanza, mtafiti aliyefuatilia Norwe watoto wadogo wenye mama Wamarekani na baba Wanorwe, alizipanga namna tano ambazo mzazi hupokea jibu la lugha nyingine. Tuzione kwa mfano mmoja. Umeuliza, "Viatu vyako viko wapi?" Mtoto amejibu, kwa lugha ya shuleni, kwamba viko chini ya kitanda.

Unaweza kusema, "Sijakuelewa, unasemaje?" Hapo mazungumzo yamesimama, na njia ya kuyaendeleza ni mtoto atafute maneno ya Kiswahili. Unaweza kukisia: "Viko chini ya kitanda?" Hii ni nyepesi zaidi, maana atajibu "ndiyo" au kutikisa kichwa tu. Ya tatu ni kurudia alichosema kwa Kiswahili, "Aa, viko chini ya kitanda," bila kudai chochote. Ya nne, unaendelea na safari: "Haya, vivae twende." Ya tano, wewe mwenyewe unahamia lugha yake.

Ukishuka kutoka ya kwanza kwenda ya tano, haja ya mtoto kusema Kiswahili inapungua hatua kwa hatua. Wazazi wengi huishi kwenye ile ya nne, na siwalaumu hata kidogo. Asubuhi kila mtu amechelewa, viatu vimepatikana, mambo yameenda. Ila mtoto amejifunza kwamba jibu la lugha ya shuleni linafanya kazi sawasawa na la Kiswahili, tena halimchoshi. Hakuna kiburi hapo wala dharau kwa kwao. Anachagua njia fupi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Sasa, tahadhari. Ile ya "sijakuelewa" inafaa kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, ambaye bado anaweza kuamini kwamba kila mzazi ana lugha yake. Mwanao wa miaka saba amekusikia ukiongea na mwalimu wake kwa lugha ileile. Ukijifanya huielewi atakuona unamchezea, na ukishikilia, ataacha kukusimulia mambo yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya lugha. Kwake jaribu swali linalombebea maneno ndani yake: "Viko chini ya kitanda au nyuma ya mlango?" Akichagua, amelazimika kuyatamka, na maneno yenyewe umempa wewe. Au rudia jibu lake kwa Kiswahili kisha uulize jambo linaloendelea kutoka hapo, ili neno ulilolitoa sasa hivi alihitaji mara moja. Kinachofaa zaidi ya yote ni mtu ambaye kweli haijui lugha ya shuleni: bibi kwenye simu, binamu wa rika lake, mgeni anayekaa wiki mbili. Hapo haja ni ya kweli, na mtoto anaijua.

Angalia pia ndugu. Mtoto wa kwanza akianza shule huja na lugha mpya nyumbani, na watoto huongea hiyo wao kwa wao. Wa mwisho mara nyingi anasikia Kiswahili kutoka kwa wazazi peke yao, ndiyo maana katika nyumba nyingi kifungua mimba anasema vizuri na kitinda mimba anaelewa tu.

Ukitaka kujua mwanao yuko wapi, usimpime kwa maagizo. "Vaa", "njoo" na "zima taa" atayaelewa kwa miaka mingi hata lugha ikiwa inamtoka. Siku mkiwa mmetulia, mwombe akusimulie kwa Kiswahili ugomvi uliotokea shuleni: nani alianza, fulani alimwambia nini, mwalimu alifanyaje. Sikiliza vitenzi. Akichomeka nomino za lugha ya shuleni ndani ya sentensi zenye vitenzi vya Kiswahili vilivyokaa sawa, mtambo wa lugha bado unafanya kazi, amepungukiwa msamiati tu. Ikiwa nomino chache ndizo za Kiswahili na kila kitenzi ni cha lugha ya shuleni, basi kinachodhoofika ni sarufi yenyewe, na hapo anza na maswali ya kuchagua, mafupi, kila siku, kabla ya kumdai hadithi nzima.