Tiketi umeiacha, kodi je? Dhana potofu na ukweli

Desemba 2025 shemeji yangu alikuwa asafiri kutoka London kwenda Nairobi na kurudi. Wiki ya safari akaugua, na tiketi yake ilikuwa ya zile za bei ya chini zisizorudishiwa nauli. "Hiyo pesa ishaenda na maji, kaka," akaniambia. Nikamwomba anitumie risiti.

Dhana: tiketi isiyorudishiwa nauli imekufa yote.

Kinachokufa ni nauli. Risiti yake ilikuwa ya pauni 550, lakini nauli yenyewe ilikuwa 214 tu. Zilizobaki zilikuwa zimejipanga chini kwa herufi mbili mbili: GB 90, UB 48, YQ 160, na tozo ya kuondokea Nairobi iliyofikia kama pauni 38.

GB ndiyo kodi ya abiria wa ndege ya Uingereza. Mwaka huo ilikuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida kwenda Kenya. Tangu Aprili 2026 ni 102. UB ni ada ya uwanja kwa abiria anayeondoka. Risiti nyingine hujumlisha vyote kwenye mstari mmoja unaoandikwa XT. Ukikutana nayo, omba mchanganuo, maana bila huo hujui unadai nini.

Dhana: kodi ishalipwa serikalini, hairudi.

Hapa ndipo wengi tunapokata tamaa mapema. Shirika halilipi kodi hiyo siku unaponunua tiketi. Linahesabu abiria waliopanda na kuondoka, ndipo linaipelekea serikali hesabu yao. Kiti chako kikiondoka kitupu, serikali haikudai kitu. Zile pauni 90 zinabaki kwa shirika, na usipoziulizia zinatulia palepale.

Kwa hiyo usiwaandikie HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza. Wao hawashiki pesa yako, na watakuambia hilo ni jambo lako na shirika. Na kama ulinunua kwa wakala, anza na wakala, kwa sababu mara nyingi shirika litakurudisha kwake.

Dhana: kila kinachoandikwa chini ya "kodi na tozo" kinarudi.

Laiti. YQ, na wakati mwingine YR, ni tozo ya shirika lenyewe. Wengi huiita ya mafuta. Imekaa karibu na kodi kwenye risiti kama ndugu wa damu, lakini ni nauli iliyovaa kanzu nyingine, na kwa tiketi za bei ya chini kwa kawaida hairudi. Shemeji aliposikia pauni 160 zimebaki huko alinuna, na sikumlaumu.

Angalia pia watoto. Aliye chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida hatozwi GB kabisa, kwa hiyo usipige hesabu ya 90 mara watu watano.

Dhana: nikiacha safari ya kurudi, nadai kodi ya Uingereza.

GB na UB zinahusu kuondoka Uingereza. Ukishakwenda Nairobi umezitumia. Ukiamua kubaki huko, kinachobaki cha kudai ni tozo ya kuondokea Kenya, pamoja na ada za kiwanja cha kati kama ulikuwa ubadilishe ndege. Wala usijaribu kinyume chake, kuacha safari ya kwenda ukitumaini kutumia ya kurudi: mashirika mengi hufuta tiketi iliyobaki yote.

Dhana: kutotokea uwanjani kunatosha.

Futa safari kabla ndege haijaondoka, na uhifadhi barua pepe ya uthibitisho. Mashirika mengine hurudisha kodi hata kwa asiyetokea, mengine hubisha, na masharti ya tiketi ndiyo yanayoamua. Kisha usichelewe, tiketi kwa kawaida huishi mwaka 1 tangu ilipotolewa.

Sisi tulipobonyeza kufuta mtandaoni, ukurasa ulionyesha marejesho ni pauni 0. Hatukukubali. Tulipiga simu, safari ikafutwa, kisha tukajaza fomu ya madai tukiweka namba ya tiketi yenye tarakimu 13 na kutaja GB, UB na tozo ya Nairobi moja moja. Jumla 176. Shirika likakata 25 za uendeshaji, na baada ya wiki tano zikaingia 151 kwenye kadi iliyolipia.

Makato hayo ndiyo ya kupigia hesabu kwanza. Kwa safari fupi ya Ulaya, ambayo GB yake ni pauni 15, ada ya pauni 25 inaweza kumeza dai zima. Ujerumani abiria ana nguvu zaidi: shirika la Air Berlin lilikuwa likikata yuro 25 namna hiyo, na Julai 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema sheria ya nchi dhidi ya masharti yasiyo ya haki inaweza kuyafuta makato hayo. Kwa tiketi ya kutoka Frankfurt, hilo litaje kwenye barua yako.