Kwa nini ukurasa wa 17 wa Kiingereza si ukurasa wa 17 wa Kiswahili?

Je, nikiwa na PDF mbili za kitabu kimoja, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili, ninawezaje kuzipanga ukurasa kwa ukurasa ili nipate matini sambamba, na kwa nini kurasa zinaanza vizuri kisha zinapishana?

Kurasa hupishana kwa sababu tafsiri haichukui nafasi sawa na matini asilia, na mpangaji wa kitabu hana wajibu wa kuikatiza mahali palepale. Hata hivyo, mpishano huo haukui kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi huruka kwa hatua, hukaa palepale kwa muda, na wakati mwingine hupungua wenyewe. Anayeongeza tofauti ileile kwa kila ukurasa hukosea, na pia hukosea anayeamini kwamba kurasa 10 za mwanzo zikilingana basi zote zimelingana.

Tuseme tuna mwongozo ambao kila sura yake huanza kwenye ukurasa wa kulia, yaani wenye namba witiri, kama ilivyo desturi katika vitabu vingi. Kwa Kiingereza, sura ya kwanza huanzia ukurasa wa 5 na kuishia chini kabisa ya ukurasa wa 16, na sura ya pili huanza ukurasa wa 17. Kwa Kiswahili, sura ya kwanza imerefuka kwa mistari minne tu, lakini mistari hiyo imemwagikia ukurasa wa 17. Ukurasa wa 18 umeachwa mtupu, na sura ya pili ikaanza ukurasa wa 19. Mistari minne imezaa mpishano wa kurasa mbili. Katika sura ya pili, Kiingereza kinaishia ukurasa wa 29 na kuacha ukurasa wa 30 mtupu, ilhali Kiswahili kinajaza hadi ukurasa wa 32. Sura ya tatu inaanza ukurasa wa 31 upande mmoja na wa 33 upande mwingine, kwa hiyo mpishano umebaki kuwa mbili ingawa tafsiri ya sura ya pili ni ndefu kwa ukurasa mzima. Ukurasa mtupu wa Kiingereza umeumeza urefu huo.

Mahali mpishano unaporuka panaonekana ukihesabu herufi za kila ukurasa kabla ya kusoma neno lolote. Programu ya `pdftotext` hutoa matini ya ukurasa mmoja, na `wc -m` huhesabu herufi zake:

```
pdftotext -f 17 -l 17 -enc UTF-8 en.pdf - | wc -m
pdftotext -f 17 -l 17 -enc UTF-8 sw.pdf - | wc -m
```

Hapa 17 ni namba ya ukurasa ndani ya faili, ambayo huhesabu pia jalada na kurasa za utangulizi. Namba iliyochapwa chini ya karatasi huenda ikawa nyingine, na kuchanganya hesabu hizo mbili ni kosa la mwanzo la watu wengi. Katika mfano wetu, tuchukulie kwamba zinalingana. Upande wa Kiingereza utatoa herufi zipatazo 2,000, na upande wa Kiswahili 300 tu. Ukurasa wa 18 wa Kiswahili hautatoa karibu kitu chochote. Hapo ndipo penye hatua. Lakini kila ukurasa wa faili ukitoka mtupu, usitafute mpishano: faili hiyo ni picha za karatasi zilizopigwa skani, na lazima kwanza maandishi yake yatambuliwe herufi kwa herufi.

Baada ya kupata hatua hizo, ningeshauri kuuacha ukurasa kama kipimo cha kulinganisha na kuutumia kama uzio tu. Mwanzo wa sura ni uzio wa kuaminika, kwa kuwa 17 na 19 zinabeba kichwa kilekile. Ndani ya sura, ukurasa wa 25 wa Kiingereza utaangukia sehemu ya ukurasa wa 27 na sehemu ya ukurasa wa 28 wa Kiswahili, na tena sentensi iliyo mwishoni mwa ukurasa hukatika na kuendelea kwenye ukurasa unaofuata. Kwa hiyo unganisha matini ya sura nzima katika kila lugha, ukiiandikia kila sentensi namba ya ukurasa inapoanzia. Kabla ya kuunganisha, ondoa mstari wa juu na wa chini unaojirudia katika kurasa nyingi, pamoja na namba ya ukurasa, na uziweke tanbihi kando. Usipofanya hivyo, jina la kitabu litajikuta katikati ya sentensi iliyokatwa, na jozi hiyo itaharibika bila wewe kujua.

Sasa sentensi zinaweza kulinganishwa kwa urefu. William Gale na Kenneth Church, katika makala yao ya mwaka 1993, walionyesha kwamba sentensi ndefu hutafsiriwa kwa sentensi ndefu na fupi kwa fupi, na kwamba kuhesabu herufi kunafaa kuliko kuhesabu maneno. Kwa Kiswahili ushauri huo una uzito wa pekee. Neno «hatukuwaambia» hubeba kilichosemwa kwa maneno matano ya Kiingereza, «we did not tell them». Ukihesabu maneno utapata moja kwa tano, lakini ukihesabu herufi bila nafasi utapata 13 kwa 16, na jozi inaonekana ilivyo. Programu kama `hunalign` hutumia urefu pamoja na vidokezo vingine, na huruhusu sentensi moja ilingane na mbili. Uzio wa sura hulinda kazi hiyo: mfasiri akiwa ameruka aya, kosa litakalotokea halitavuka hadi sura inayofuata.

Kisha hakiki kwa tarakimu. Miaka, vipimo na namba za vifungu hubaki vilevile katika lugha zote mbili, na jozi ambayo tarakimu zake hazifanani inastahili kusomwa kwa macho. Kuna mtego mmoja ambao aliyezoea lugha nyingine hatautarajia, nao ni saa. Kikao kilichoandikwa 8:00 asubuhi kwa Kiingereza kitakuwa saa 2:00 kwa Kiswahili, na kigezo cha tarakimu kitaikataa jozi iliyo sahihi kabisa. Tofauti ya sita kando ya neno «saa» isihesabiwe kuwa kosa.

Kuna sehemu ambazo njia hii haiziwezi. Orodha ya istilahi iliyopangwa kialfabeti hupangwa upya inapotafsiriwa, hivyo ingizo la kwanza la Kiingereza huenda likawa la arubaini kwa Kiswahili, ingawa urefu wa kurasa unafanana na tarakimu hazipo za kukuonya. Faharasa ya mwisho ina tatizo hilohilo. Zote mbili zitolewe kabla ya ulinganishaji, na orodha ya istilahi, ukiihitaji, ilinganishwe kwa mkono, ingizo kwa ingizo.

Unapoteua jozi za kusoma kwa macho, usizichukue mwanzoni mwa kitabu, ambako hakuna kilichopata nafasi ya kupotoka. Chukua jozi 10 zilizo karibu na mwisho wa kila sura. Zikiwa sahihi hapo, ni dalili nzuri, ingawa si uhakika, kwamba kilichotangulia ndani ya sura hiyo kimekaa mahali pake. Zikiwa zimepishana, rudi nyuma nusu ya sura, usome tena, kisha nusu ya nusu, hadi uifikie sentensi ambayo upande mmoja unayo na mwingine hauna.