Kugawana mada si kufundisha pamoja

Wiki iliyopita, kwenye kikao chetu cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, mwalimu mmoja alisimama kueleza jinsi yeye na mwenzake wanavyofundisha pamoja Hisabati darasa la sita. Yeye kachukua namba na sehemu, mwenzake kachukua maumbo na takwimu. Mmoja akiingia darasani, mwingine yuko ofisini anasahihisha madaftari. Kikao kikapiga makofi. Ni mara ya nne mwaka huu nasikia maelezo hayo hayo, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Walichogawana wale ni azimio la kazi. Wamepunguziana mzigo, na sina ugomvi na hilo. Lakini watoto wao bado wanafundishwa na mtu mmoja kila kipindi, na kwa kuwa walimu hao hawajawahi kuonana wakifundisha, hakuna anayejua mwenzake aliwaacha watoto wapi hasa. Wa takwimu anafika kwenye grafu ya duara, anakuta nusu ya darasa haiwezi kusema robo ya mduara ni kiasi gani. Anamlaumu mwenzake. Mwenzake anafungua shajara ya somo na kumwonyesha kwamba sehemu zilishafundishwa na tarehe ipo. Wote wawili wanasema kweli, na watoto hawajui sehemu.

Kufundisha pamoja ni walimu wawili kuwa ndani ya kipindi kimoja, na lengo moja, kila mmoja akiwa na kazi yake katika dakika hizo hizo arobaini. Zipo namna kadhaa. Mnaweza kuligawa darasa nusu kwa nusu mkafundisha kitu kile kile, mnaweza kuweka vituo watoto wakazunguka, mnaweza kusimama wote ubaoni mkapokezana. Hizo sitazieleza leo. Nataka kukaa kwenye ile ambayo watu wanaidharau kuliko zote: mmoja anafundisha, mwingine anaangalia. Kila nikiitaja, kuna mtu ananiambia kwamba huyo wa pili analipwa mshahara wa bure.

Basi niwape kipindi chenyewe. Darasa la sita, watoto 88, mada ni kugawanya sehemu kwa sehemu. Madam, mwenzangu ambaye amefundisha tangu mimi nikiwa mwanafunzi, ndiye aliyekuwa ubaoni. Swali lilikuwa hili: tuna 3/4 ya kilo ya unga, tunapima kwenye vifuko vya 1/8 ya kilo, tutapata vifuko vingapi? Akafanya mfano kwa njia anayoiamini: geuza ya pili, kisha zidisha. 3/4 mara 8/1, 24/4, vifuko 6. Akauliza, "Tumeelewa?" Darasa likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Akatoa swali linalofanana na hilo, na watoto wa madawati ya mbele wakampa jibu sahihi.

Mimi nilikuwa nyuma na karatasi yenye majina 12. Tulikuwa tumeyachagua jana yake: wanne wanaofanya vizuri, wanne wa katikati, wanne wanaohangaika, na makusudi tulichagua waliokaa mbali na ubao. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuangalia daftari la kila mmoja wa hao na kunakili alichoandika kama kilivyo. Sikuandika "ameelewa" wala "hajaelewa". Niliandika namba zake.

Katika madaftari 12, saba yaligeuza sehemu ya kwanza badala ya ya pili. Swali la kufanyia mazoezi lilikuwa lile lile la unga kwa namba nyingine, lakini kwa hofu wengine walirudia hata la mfano, wakaandika 4/3 mara 1/8, wakapata 4/24, wakarahisisha vizuri kabisa hadi 1/6. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa safi, mwandiko safi, jibu halina maana. Kutoka ubaoni Madam asingeweza kuliona hilo. Aliyeshika chaki anasikia sauti ya darasa zima na anaona mikono iliyonyooshwa, na mkono haunyooshwi na mtoto ambaye hana uhakika.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba dakika ya ishirini nitanyoosha mkono. Nikanyoosha, nikasema, "Madam, naomba tuweke na jibu hili ubaoni." Akaandika 1/6 pembeni ya 6, bila jina la mtoto, akauliza, "Kama tumepata 1/6 ya kifuko, unga wetu umejaza vifuko vingapi?" Kimya. Kisha mvulana mmoja wa nyuma, miongoni mwa wale saba, akasema polepole, "Haujajaza hata kimoja." Akaangalia daftari lake, akaangalia ubao, akachukua kifutio. Dakika zilizobaki Madam alizitumia kwa picha: akachora mstatili, akaugawa mara nane, akatia kivuli sita. Andalio lilikuwa limepanga zoezi la maswali matano. Tuliliahirisha.

Hicho ndicho anachokifanya huyo mnayesema analipwa bure. Asingekuwepo, kosa lile lingegunduliwa kwenye madaftari kesho yake, au kwenye jaribio mwisho wa mwezi.

Lakini lisingegunduliwa pia kama ningekaa nyuma bila kazi iliyoandikwa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye andalio la somo, ile safu ya shughuli za mwalimu tunaigawa mara mbili kwa mstari wa kalamu: anayeongoza anafanya nini, na mwingine katika hatua hiyo hiyo anafanya nini. Mkiona upande wa pili umeandikwa "kusaidia" au "kusimamia nidhamu", jueni hapo hapajapangwa kitu. Mwalimu asiye na kazi maalumu huishia kunyamazisha watoto na kugawa madaftari, na watoto ni wepisi sana kutambua nani ndiye mwalimu wa kweli na nani ni wa fimbo. Kwa hiyo tunabadilishana. Kipindi kinachofuata mimi naongoza, Madam anaangalia. Yeye mwenyewe alishangaa kuona mambo ambayo hakuwahi kuyaona akiwa ubaoni.

Sasa migogoro. Mwanzoni kabisa, kabla hatujawa na utaratibu wowote, Madam aliwaambia watoto kwamba ukigawanya namba, jibu huwa dogo. Kutoka nyuma nikasema kwa sauti, "Kwenye sehemu siyo hivyo." Nilikuwa sahihi kihesabu na nilikosea kila kitu kingine. Watoto walinyamaza wakamtazama yeye. Alimaliza kipindi vizuri, kisha kwa siku tatu akawa ananijibu salamu tu. Nilimfuata, nikamwomba radhi, na ndipo tukakaa kuamua ni lipi linasemwa darasani na lipi linasubiri ofisini.

Kosa la maudhui, yaani jambo ambalo mtoto ataliandika daftarini likiwa si kweli, halisubiri. Lakini linasahihishwa na aliyelisema, na mwingine anamfungulia njia kwa swali. Leo ningesema, "Madam, naomba utuonyeshe 3 kugawanya kwa 1/2." Angefanya ubaoni, angepata 6, na angelirekebisha mwenyewe mbele ya watoto bila kuvunjiwa heshima. Tofauti ya njia ni jambo jingine. Mimi napenda kuanza na picha, yeye anapenda kuanza na "geuza zidisha". Hilo haliingii darasani hata kwa kunong'ona. Linasubiri ofisini, na huko tunaangalia ile karatasi yenye namba za watoto 12 badala ya kubishana juu ya nani ana uzoefu zaidi. Madam alikubali kuanza na picha baada ya kuyaona makosa ya yale madaftari saba. Mimi nami nimekubali kwamba watoto wengi wanahitaji kanuni fupi ya kushika, kwa sababu mtihani hauwapi muda wa kuchora kila swali.

Mgogoro uliobaki, na ambao sijui kama umekwisha, ni wa kusahihisha. Jaribio lilikuwa na maswali matano, kila moja alama 3. Mtoto mmoja aliandika 3/4 mara 8/1, akapata 24/4, kisha akaandika 8. Mimi nilimpa 2, Madam alimpa sifuri. Hoja yake ina uzito: kwenye mtihani wa darasa la saba maswali mengi ni ya kuchagua, na mashine haimuulizi mtoto alipitia wapi. Hoja yangu ni kwamba huyu na yule wa 1/6 wanahitaji msaada tofauti kabisa, na sifuri mbili zinawafanya waonekane sawa.

Tulichofanya ni hiki. Kila mmoja alisahihisha karatasi kumi zile zile, akiandika alama kwenye karatasi ya pembeni bila kuigusa ya mtoto. Tulipolinganisha, nne zilipishana kwa alama 3 au zaidi kati ya 15. Fikirini hizo ndizo alama mbili tofauti za mtoto mmoja, kutegemea tu daftari lilianguka mikononi mwa nani. Tukaandika mwongozo upya: alama 1 kwa kugeuza sehemu sahihi, 1 kwa kuzidisha, 1 kwa jibu. Kisha tukagawana maswali, si watoto. Madam alisahihisha swali la 1 hadi la 3 kwa watoto wote 88, mimi la 4 na la 5. Ndivyo wanavyofanya wasahihishaji wa mitihani ya taifa, kila mtu na swali lake, na sababu ni hiyo hiyo: ukali wa msahihishaji mmoja unawagusa wote sawasawa. Mkigawana watoto nusu kwa nusu, wa dawati moja watalinganisha karatasi zao kabla hamjatoka mlangoni, na watakuwa na haki ya kulalamika.

Bado Madam anasema nawadekeza. Sina hakika kwamba amekosea.

Lipo pia ambalo linanisumbua zaidi. Kuandaa kipindi kile cha unga kulituchukua dakika 35 za kukaa pamoja, na hatuwezi kufanya hivyo kila siku na vipindi vyote tulivyo navyo. Watoto walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio lililofuata, lakini siwezi kuwaambia kwa uaminifu kama ni kwa sababu tulikuwa wawili, au ni kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikiandaa kipindi kwa dakika 35. Na mtu akiniuliza kama walimu wawili kwa watoto 88 ni bora kuliko vyumba viwili vya watoto 44, kwa siku za mazoezi nitachagua vyumba viwili bila kusita. Muhula huu tumepata chumba hicho cha pili. Jumanne na Alhamisi, tunapoanzisha dhana mpya, tunaingia wote. Siku tatu zilizobaki kila mmoja anabaki na nusu yake, na Ijumaa tunabadilishana madaftari kumi kuona kama bado tunasahihisha kwa jicho moja.