Usiri wa mgonjwa: maana yake, na namna ya kuuandika ukutani kwa Kiswahili

Usiri wa mgonjwa ni wajibu wa wanaomhudumia. Kila anayezijua habari za afya ya mtu kwa sababu ya kazi yake hospitalini, awe daktari, nesi, mtaalamu wa maabara, karani wa masijala au mfanya usafi aliyesikia mazungumzo ya wodini, anatakiwa asizitoe kwa asiyehusika na matibabu hayo. Habari zenyewe ni za mgonjwa. Yeye anaweza kumsimulia amtakaye, au asimsimulie mtu.

Azimio la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, linaeleza jambo hili kwa mapana. Habari zote zinazomtambulisha mgonjwa, za hali yake, ugonjwa wake, matibabu yake na matarajio ya kupona, zitunzwe hata baada ya kifo chake. Zinaweza kutolewa mwenyewe akikubali waziwazi, au sheria ikisema hivyo bayana. Wahudumu wa afya nao hawapeani habari hizo ovyo: kila mmoja apate kile anachohitaji kwa kazi yake.

Matangazo mengi ya haki za mgonjwa huchota humo. Shida huanza maneno hayo yanapopelekwa ukutani kwa Kiswahili, yasomwe na mtu aliyesimama foleni na mtoto mgongoni. Mara nyingi kipengele cha usiri hutafsiriwa hivi:

> Taarifa binafsi za afya za mgonjwa ni za siri na hazitafichuliwa kwa watu wa tatu bila idhini iliyoarifiwa isipokuwa pale inapohitajika kisheria.

Sarufi yake ina nafuu, na mkaguzi mwenye haraka ataipitisha. Lakini karibu kila neno zito humo linamwangusha msomaji.

Tuanze na "za siri", kwa sababu hapo ndipo heshima ya mgonjwa inapopotea bila mtu kukusudia. Katika Kiswahili cha hospitali "magonjwa ya siri" ni magonjwa ya zinaa, na "sehemu za siri" kila mtu anazijua. Mtu akisoma ukutani kwamba taarifa zake ni "za siri", anaweza kudhani tangazo linawahusu wenye maradhi ya aibu tu, na yeye aliyekuja na shinikizo la damu halimhusu. Neno siri halina kosa. Kosa ni kulifanya sifa ya ugonjwa. Kiswahili kina msemo wa heshima kwa jambo hilihili: kutunza siri. Mtunza siri ni mtu anayeaminika, na siri anayoitunza si lazima iwe ya aibu. Andika "tunatunza siri yako" na mzigo unahama kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa hospitali, unakostahili kuwa.

Wapo wanaokimbilia neno faragha wakiona ndilo la adabu zaidi. Ni neno zuri, ila ni haki nyingine. Faragha ni kutoonekana na kutosikika wakati wa kuhudumiwa: pazia likifungwa, mlango ukirudishwa, maswali ya daktari yasisikike kwenye benchi la wanaosubiri. Usiri ni yale yanayofuata baada ya wewe kusema. Nesi akikuuliza kuhusu ujauzito wako mbele ya foleni, amekuvunjia faragha hata kama hatamsimulia mtu nyumbani kwake. Daktari aliyekusikiliza chumbani mkiwa wawili, kisha akampigia simu shangazi yako, alikupa faragha na akavunja usiri. Tangazo linalochanganya haya mawili humnyima mgonjwa uwezo wa kusema ni lipi hasa lililokosewa, kwa hiyo kila moja lipewe kipengele chake.

"Kufichua" nalo lina harufu yake. Hufichuliwa wizi, njama, maovu. Habari za figo ya mtu haziwi uovu wa kufichuliwa. Hutolewa, au husemwa. Na umbo la "hazitafichuliwa" limemficha mtenda: nani hatafichua? Tangazo la haki ni ahadi, na ahadi isiyo na mwenyewe haidaiwi. "Hatumwambii mtu" ni maneno mafupi, na yana mtu wa kuulizwa.

Kuhusu "watu wa tatu", msomaji atauliza wawili wa kwanza ni akina nani. Hilo ni neno la mikataba. Wataje watu wenyewe ambao mgonjwa anawahofia: mwenzi, ndugu, mwajiri. Hapa mfasiri asiwe na haraka ya kuongeza "mzazi". Mtoto mdogo huamuliwa mambo mengi na mzazi au mlezi wake, na umri wa kujiamulia hutofautiana kwa sheria za nchi na hata kwa aina ya huduma. Ukimtaja mzazi bila maelezo, utawapa watoto ahadi ambayo hospitali haiwezi kuitimiza.

"Idhini iliyoarifiwa" haina maana yoyote masikioni mwa asiyeijua asili yake. Idhini kwa kawaida hutoka juu kwenda chini: mkubwa humwidhinishia mdogo. Kinachotakiwa hapa ni ridhaa, mtu kuridhia baada ya kuelezwa jambo na kulielewa. Ridhaa ni neno sahihi katika fomu za upasuaji na kwenye miongozo. Ukutani ningeandika tu "mpaka wewe mwenyewe ukubali", kwa kuwa hilo linaeleweka hata likisikika mara moja kwa mtu anayesomewa na jirani yake.

Sehemu ngumu ni "isipokuwa pale inapohitajika kisheria". Ni kweli kwamba usiri una mipaka. Mahakama inaweza kuamuru rekodi itolewe. Magonjwa kama kipindupindu huripotiwa kwa mamlaka za afya ili yasienee. Katika baadhi ya nchi sheria humruhusu au humlazimisha mhudumu kusema pale mtu mwingine anapokuwa katika hatari ya wazi. Lakini maneno "kisheria" yakiachwa peke yake huweza kumtisha mgonjwa, hasa mwenye jambo linalomtia hofu ya polisi. Atajaza mwenyewe kilichoachwa wazi, na huenda akamficha daktari dawa alizotumia au jeraha lilivyompata. Mfasiri hana mamlaka ya kutunga orodha ya mipaka. Arudi kwa hospitali aulize: katika hali zipi hasa mnatoa habari bila mgonjwa kukubali, na sheria ipi inasema hivyo? Wasipojua, tangazo bado halijawa tayari kutafsiriwa, na ni afadhali kuwaambia kuliko kuwapambia sentensi.

Tukichukulia hospitali imejibu kuwa hali zenyewe ni mbili, amri ya mahakama na magonjwa ya kuripotiwa, kipengele kinaweza kusomeka hivi:

> Tunatunza siri yako
>
> Unayotueleza, tunayoyaona tunapokupima, na majibu ya vipimo vyako yanabaki kwa wahudumu wanaohusika na matibabu yako.
>
> Hatumwambii mtu mwingine, hata akiwa mwenzi wako, ndugu yako au mwajiri wako, mpaka wewe mwenyewe ukubali.
>
> Sheria inatutaka kutoa habari katika hali mbili: mahakama ikiamuru, au ukiwa na ugonjwa ambao lazima uripotiwe ili usienee. Hata hapo tunatoa kinachohitajika tu.
>
> Ukiona siri yako imetolewa, una haki ya kulalamika. Fika chumba namba ___ au piga simu ___.

Toleo hili ni refu kuliko la kwanza, na msimamizi wa bajeti ya uchapaji atalalamika. Urefu huo ni halali, kwa sababu kila mstari unajibu swali ambalo lile la kwanza liliruka. Mstari wa kwanza chini ya kichwa, kwa mfano, upo kwa sababu mgonjwa huona faili lake likipita mikononi mwa watu watano kabla ya saa sita na kudhani siri imeshavuja. Anahitaji kujua kwamba wanaomtibu wanaruhusiwa kulisoma, na kwamba ruhusa hiyo haimfikii kila mwenye koti jeupe.

Nafsi ya pili, "yako" na "ukubali", huwatia wasiwasi wanaoona tangazo rasmi lazima liseme "mgonjwa". Mimi nashikilia nafsi ya pili. "Mgonjwa ana haki" humfanya msomaji awe mtazamaji wa haki za mtu mwingine, tena aliyemsindikiza mamaye hujiona hahusiki kabisa. Ila tuangalie kitenzi: "unaweza kulalamika" si sawa na "una haki ya kulalamika". La kwanza linasikika kama hisani, na hisani huweza kuondolewa.

Kwa upande wa maandishi yenyewe, waandika mabango hukadiria kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila taabu kutoka mita 3 hivi. Kichwa cha habari kipewe kimo hicho, na maelezo yapate nusu yake kwa mtu aliyesimama mita moja na nusu. Herufi kubwa tupu ziepukwe. Maneno ya Kiswahili hubeba viambishi vingi, na neno kama HATUTAMWAMBIA likiwa kwa herufi kubwa huwa ukuta wa mistari ambao msomaji wa polepole hukwama katikati yake.

Kabla ya kuchapa, wengi huagiza tafsiri irudishwe katika lugha ya asili na mtu mwingine, kisha walinganishe. Njia hiyo hukamata kilichodondoka, lakini hutoa matokeo mazuri kwa ile sentensi mbovu ya mwanzo: "watu wa tatu" hurudi kwenye asili yake vizuri kabisa, kwa kuwa maneno hayo hayakuondoka huko. Kipimo cha maana ni wasomaji. Chukua watu watano au sita wasiofanya kazi ya afya, wa umri na elimu tofauti, uwape karatasi, halafu usiwaulize kama wameelewa, maana wote watasema ndiyo kwa adabu. Wape tukio: jirani yako amekuja wodini kukuona, amemuuliza nesi unaumwa nini. Nesi afanye nini? Mwajiri wako amepiga simu kutaka majibu ya vipimo. Je? Mahakama imeleta amri. Je?

Akijibu kwamba nesi atamwambia jirani kwa sababu ni mtu mwema aliyekuja kukujulia hali, mstari wa pili umeshindwa, na pengine neno "jirani" linahitaji kuingia kwenye orodha. Akisema kwamba hospitali haiwezi kutoa habari hata kwa amri ya mahakama, mstari wa tatu haujaonekana. Kisha mwombe mmoja asome kwa sauti. Pale anapovuta pumzi katikati ya sentensi ndipo pa kuikata.

Zile nafasi za chumba na simu zijazwe kabla ya bango kupanda ukutani, na mtu apige namba hiyo aone kama inapokelewa.